Pembe mbadala au pembe linganifu: ipi itakufikisha mapema kwenye pembe usiyoijua?

Chukua karatasi uchore kwanza, maana habari hii haisomeki bila mchoro. Laza mstari AB, A ikiwa kushoto na B kulia. Chini yake laza mwingine, CD, C kushoto na D kulia, sambamba na ule wa kwanza. Sasa pitisha mstari wa tatu ukiwa umeinama, kutoka E iliyo juu kulia hadi F iliyo chini kushoto. Mstari huu, ambao nitauita mkato, unakutana na AB kwenye nukta G na unakutana na CD kwenye nukta H. Pembe nne zimezaliwa pale G, nyingine nne pale H.

Tuseme umepewa pembe moja tu kati ya hizo nane na unatakiwa kutafuta nyingine iliyo kwenye mstari wa pili. Njia zinazofundishwa shuleni ni mbili kuu. Ya kwanza ni ya pembe mbadala: pembe mbili zilizo ndani, yaani katikati ya mistari sambamba, moja ikiwa upande huu wa mkato na nyingine upande ule. Kwenye mchoro wetu AGH na GHD ni mbadala. Pita na kidole kutoka A kwenda G, shuka hadi H, kisha nenda D: umeandika Z. Ya pili ni ya pembe linganifu: pembe zinazokaa nafasi ileile kwenye makutano yote mawili. EGB iko juu kulia pale G, na GHD iko juu kulia pale H, kwa hiyo hizo ni linganifu. Ukipita na kidole kwenye mkato na kwenye mikono miwili ya kulia, GB na HD, utaona umbo la F.

Njia zote mbili zinasema kitu kimoja: pembe hizo ni sawa. Ndiyo maana wanafunzi wengi huuliza, kama jibu ni lilelile, kuna haja gani ya kuchagua? Haja ipo, na inaonekana kwenye idadi ya hatua.

Mwalimu akikupa EGB = nyuzi 65 akataka GHD, njia ya linganifu inamaliza kazi kwa mstari mmoja: GHD = EGB = nyuzi 65. Ukishikilia mbadala itabidi kwanza uingie ndani. EGB inatazamana na AGH kwenye makutano ya G, na pembe mkabala ni sawa, kwa hiyo AGH = nyuzi 65. Kisha AGH na GHD ni mbadala, kwa hiyo GHD = nyuzi 65. Hatua mbili badala ya moja. Geuza swali: umepewa AGH = nyuzi 65, unatafuta GHD. Hapa mbadala ndiyo yenye hatua moja, na linganifu inakuzungusha kupitia EGB au CHF kabla ya kufika.

Kwa hiyo hakuna iliyo na nguvu kuliko mwenzake. Pembe linganifu ni pembe mbadala iliyoongezewa pembe mkabala, basi. Euklidi, aliyefundisha Aleksandria mnamo mwaka 300 KK hivi, alizithibitisha zote ndani ya kauli moja, ya 29 katika kitabu chake cha kwanza: alianza na mbadala, akapita kwenye pembe mkabala akapata linganifu, kisha akamalizia na zile mbili za ndani zilizo upande mmoja ambazo jumla yake ni nyuzi 180. Ukisahau moja mtihanini, unaweza kuijenga kutoka kwa nyingine papo hapo.

Unachaguaje basi, bila kukodolea macho mchoro na kuwinda Z au F iliyopinduliwa? Mimi huwaambia wanafunzi waangalie herufi. Pembe inapoandikwa kwa herufi tatu, ile ya katikati ndiyo kona, na mbili za pembeni zinaonyesha mikono yake. Makutano yetu ni G na H. Pembe yoyote ya ndani lazima iwe na kipande GH kama mkono mmoja, kwa hiyo jina lake litabeba G na H zote mbili: AGH, BGH, GHC, GHD. Pembe ya nje itakuwa na moja tu kati yake: EGA, EGB, CHF, DHF. Sasa soma jina la pembe uliyopewa na jina la ile unayoitafuta. Yote mawili yakibeba G na H, pembe zote mbili ziko ndani, na linganifu haiwezi kuwa njia ya hatua moja. Angalia herufi zilizobaki. Katika AGH na GHD zinabaki A na D, moja kushoto na nyingine kulia, kwa hiyo ni mbadala. Katika BGH na GHD zinabaki B na D, zote kulia. Hizo si mbadala kabisa, ni zile za upande mmoja zinazojumlisha nyuzi 180. Jina moja likibeba G na H na jingine likabeba moja tu, kama EGB na GHD, moja iko nje na moja ndani. Hapo fikiria linganifu kwanza, ukihakikisha kwamba B na D ziko upande mmoja wa mkato.

Na kama majina yote mawili yana herufi moja moja, kama EGB na CHF? Zote ziko nje. Vitabu vingine huziita mbadala za nje, nazo ni sawa pia, lakini sioni sababu ya kubeba kanuni ya ziada kichwani. Ingia ndani kwa pembe mkabala upande mmoja, kisha malizia kwa linganifu.

Njia hii ya herufi inasaidia hasa pale mchoro ulipogeuzwa. Mistari sambamba ikisimama wima au ikiinama, Z inageuka N au kitu kisicho na jina, na wengi hapo ndipo wanapopotea. Herufi hazijali mchoro umelala vipi.

Mbadala inashinda waziwazi kwenye swali la mstari uliovunjika. Chora mistari miwili sambamba, wa juu KL na wa chini MN, K na M kushoto, L na N kulia. Weka nukta Q kwenye mstari wa juu na R kwenye mstari wa chini, zote upande wa kushoto. Katikati ya mistari hiyo, upande wa kulia wa Q na R, weka nukta P. Unganisha Q na P, kisha P na R. Umepata kama ncha ya mshale inayoelekea kulia. Umepewa LQP = nyuzi 35 na NRP = nyuzi 50. Pembe QPR ni ngapi?

Ukikaza macho hapa hutaona Z wala F iliyokamilika, kwa sababu hakuna mkato hata mmoja unaogusa mistari yote miwili. Kitu kinachokosekana inabidi ukichore mwenyewe: mstari wa tatu unaopita P, sambamba na hiyo miwili. Mwisho wake wa kushoto uite S. Sasa pembe QPR imegawanyika vipande viwili, SPQ na SPR. QP ni mkato kati ya KL na mstari wako mpya. LQP na SPQ zote zinabeba Q na P; L iko kulia na S iko kushoto, kwa hiyo ni mbadala na SPQ = nyuzi 35. Vivyo hivyo RP ni mkato kati ya MN na mstari mpya; NRP na SPR ni mbadala, SPR = nyuzi 50. QPR = 35 + 50 = nyuzi 85.

Jaribu kulitatua hilohilo kwa linganifu. Pembe linganifu ya LQP pale P haiko ndani ya QPR; iko ng'ambo ya P, kati ya mwendelezo wa QP na upande wa kulia wa mstari wako mpya. Itabidi urefushe QP ipite P, upate pembe ya nyuzi 35 huko nje, kisha uirudishe ndani kwa pembe mkabala. Ufanye hivyo tena kwa RP. Jibu litatoka nyuzi 85 vilevile, ila mchoro wako utakuwa umejaa mistari na majina mapya, na makosa hupenda kuzaliwa kwenye msongamano wa namna hiyo.

Kama huamini jibu, lihakiki kwa njia nyingine kabisa. Refusha QP hadi ikutane na MN kwenye nukta W. LQW na QWM ni mbadala, kwa hiyo QWM = nyuzi 35. Pembetatu PRW ina nyuzi 50 pale R na nyuzi 35 pale W, inabaki 95 pale P. QPR iko kwenye mstari ulionyooka pamoja na hiyo 95, kwa hiyo ni 180 − 95 = 85. Nimeiweka njia hii kwa sababu wapo wanaoona kuchora mstari sambamba mpya ni kama uchawi. Kurefusha mstari uliopo kwao ni rahisi zaidi. Tazama lakini kwamba hata hapa ni mbadala iliyotumika.

Linganifu nayo ina uwanja wake, na uwanja huo ni pembetatu iliyokatwa na mstari sambamba na kitako chake. Chora pembetatu ABC, A ikiwa juu, BC ikiwa kitako. Weka D kwenye upande AB na E kwenye upande AC, kiasi kwamba DE ni sambamba na BC. Umepewa ABC = nyuzi 58 na AED = nyuzi 71. Tafuta pembe ya A.

Mkato mmoja ni AB, unaopita D na B. Pembe ADE na ABC zote ziko upande mmoja wa AB na zote zinatazama juu kuelekea A, kwa hiyo ni linganifu: ADE = nyuzi 58. Pembetatu ndogo ADE sasa ina 58 na 71, na inabaki 180 − 129 = nyuzi 51 kwa A. Unaweza pia kushuka badala ya kupanda: AED na ACB ni linganifu, ACB = 71, na pembetatu kubwa inakupa A ileile ya 51. Mbadala hapa haina pa kushika, maana DE inaishia kwenye pande za pembetatu. Hakuna mkono unaotokeza nje ya D kwenda kushoto kuunda Z. Utauongeza mwenyewe ukitaka, lakini ya nini?

Mchoro huu ndio utakaokutana nao tena kwenye mada ya maumbo yanayofanana. Kila unapotaka kuonyesha kwamba pembetatu ndogo na kubwa zina pembe zilezile, linganifu ndiyo sababu unayoiandika. Na ni linganifu pia inayofanya kazi unapochora mistari sambamba kwa rula na kigoniamraba: rula imetulia, kigoniamraba kinateleza juu yake, na kila mstari unaochora unakutana na rula kwa pembe ileile, katika nafasi ileile. Rula imekuwa mkato bila mtu kuutaja. Rula ikigeuka hata kidogo, mistari yako si sambamba tena. Weka kipimapembe kwenye makutano yote mawili na utaona tofauti.

Sasa tuje kwenye mahali ambapo kuchagua vibaya hakupotezi muda tu bali kunaleta jibu la uongo. Kwenye mchoro wetu wa kwanza, chukulia EGB = 3x + 10 na GHD = 5x − 30, zote kwa nyuzi. Herufi zinasema moja iko nje na moja ndani, B na D ziko upande mmoja, ni linganifu, kwa hiyo ni sawa:

3x + 10 = 5x − 30
40 = 2x
x = 20

Kila pembe ni nyuzi 70. Mwanafunzi mwingine anaona "upande mmoja", anakumbuka kanuni ya nyuzi 180, na anaandika:

3x + 10 + 5x − 30 = 180
8x = 200
x = 25

Pembe zake zinatoka 85 na 95. Tazama jinsi kosa hili lilivyo na adabu: x ni namba nzima, pembe zote ni chanya, jumla ni 180 kamili. Hakuna kengele inayolia. Ukirudisha x = 25 kwenye mlinganyo wake unakubali, kwa sababu kosa haliko kwenye hesabu, liko kwenye sababu iliyoandikwa kabla ya hesabu. Kuhakiki kwa kurudisha x mahali pake hakutakuokoa hapa.

Kinachookoa ni kuangalia aina ya pembe. Pembe nane za mchoro wetu, ilimradi mkato haujasimama wima kabisa juu ya mistari, zina vipimo viwili tu: nne ni kali na zote ni sawa, nne ni butu na zote ni sawa. EGB na GHD zote ni kali kwenye mchoro, maana mkato umeinama kulia na zote ziko juu kulia. Pembe mbili kali haziwezi kuwa 85 na 95. Zikiwa kali zote mbili au butu zote mbili, ni sawa. Moja ikiwa kali na nyingine butu, jumla ni 180.

Wapo walimu wa masomo ya ziada wanaofundisha kanuni hii ya kali na butu peke yake, bila kusumbuka na majina ya jozi. Nakiri kwamba ni ya haraka kuliko zote mbili, na kwenye swali la kuchagua jibu itakutosha. Siipendi kama njia kuu kwa sababu mbili. Moja, inategemea jicho, na michoro ya mitihani mara nyingi haijachorwa kwa kipimo. Pembe ya nyuzi 95 na ya 85 kwa macho hazitofautiani. Mbili, swali linapotaka "toa sababu", jibu "zote zinaonekana kali" si sababu. Unatakiwa kuandika "pembe mbadala, AB sambamba na CD" au "pembe linganifu, DE sambamba na BC". Itumie kali na butu kuhakiki, uamuzi ufanye kwa herufi.

Na hapo kwenye "AB sambamba na CD" ndipo kuna sharti ambalo njia zote mbili zinalitegemea sawasawa. Kama mistari si sambamba, pembe mbadala bado zipo na linganifu bado zipo, ila hazilingani. Tafuta vishale vidogo juu ya mistari kwenye mchoro, au maneno ya swali yanayosema ni sambamba. Visipokuwepo, usidhani. Kinyume chake pia ni kweli na kina manufaa: ukipima mbadala mbili ukakuta ni sawa, umethibitisha kwamba mistari ni sambamba. Swali likiuliza "onyesha kwamba PQ ni sambamba na RS", huwezi kuanza kwa kusema mbadala ni sawa kwa kuwa mistari ni sambamba, kwani hilo ndilo unalotakiwa kulifikia. Inabidi uzipate pembe hizo kwa njia nyingine, labda kwa pembetatu iliyo karibu, ndipo uzilinganishe.

Kosa jingine linalofanana na hilo ni kuchanganya mikato miwili. Mistari sambamba inapokatwa na mikato miwili tofauti, pembe ya mkato wa kwanza haina uhusiano wa moja kwa moja na pembe ya mkato wa pili. Herufi zitakuonya: jozi halali ya mbadala lazima ishirikiane kipande kimoja, kama GH. Majina mawili yasiposhirikiana herufi mbili, hiyo si mbadala hata kama macho yanaona Z.

Kuna mahali nje ya daftari ambapo njia hizi mbili zinakaa kwenye mchoro mmoja, na unachagua kulingana na unachoweza kukigusa. Eratosthene, mwanazuoni Mgiriki wa karne ya tatu KK, alitaka kujua mzingo wa dunia. Ilijulikana kwamba huko Siene, Aswan ya leo, siku ya Juni yenye mchana mrefu kuliko zote za mwaka, saa sita mchana, vitu vilivyosimama wima havikuwa na kivuli. Jua lilikuwa utosini. Siku hiyohiyo Aleksandria kivuli kilikuwepo. Miale ya jua inafika duniani ikiwa sambamba, au karibu sana na sambamba, kwa sababu jua liko mbali mno. Mwale wa Siene ukiurefusha unafika kitovu cha dunia. Mwale wa Aleksandria unapita kwenye ncha ya kijiti kilichosimamishwa wima huko. Hiyo ndiyo mistari sambamba miwili. Mkato ni kijiti chenyewe, ukikirefusha chini hadi kitovuni.

Pembe inayotafutwa iko kitovuni, kati ya mstari wa Siene na mstari wa Aleksandria, mahali ambapo hakuna mtu atakayeweka kipimapembe. Lakini ile iliyo kwenye ncha ya kijiti, kati ya kijiti na mwale unaoshuka kugusa mwisho wa kivuli, ni mbadala yake. Akaikuta ni sehemu moja ya 50 ya duara, yaani nyuzi 7.2. Umbali kati ya miji hiyo ulihesabiwa kuwa stadia 5,000, kipimo cha urefu cha Wagiriki wa kale, kwa hiyo duara zima ni stadia 250,000.

Linganifu je? Ipo pia. Ukirefusha kijiti kwenda juu, kuelekea utosi wa anga, pembe kati ya huo mstari na mwale unaokuja kutoka kwenye jua ni linganifu ya ile ya kitovuni. Hiyo ndiyo pembe ambayo nahodha au mpima anga anaipata kwa kifaa kinachopima jua liko mbali kiasi gani kutoka utosini. Mwenye kifaa atumie linganifu. Mwenye kijiti na tepu ya fundi atumie mbadala, na hahitaji kulitazama jua hata mara moja, jambo ambalo kwa macho yake ni bora.

Jaribio hili unaweza kulifanya Dar es Salaam au Mombasa bila kungoja Juni. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba jua linakuwa utosini kwenye ikweta. Weka ikweta mahali pa Siene na wewe mahali pa Aleksandria. Pembe ya kitovuni inakuwa latitudo yako yenyewe. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 6.8 kusini, kwa hiyo kijiti cha mita moja kilichosimama wima kabisa kinatoa kivuli cha sentimita 12 hivi pale kinapokuwa kifupi kuliko wakati mwingine wowote wa siku hiyo. Mombasa, iliyo nyuzi 4 na kidogo kusini, ni sentimita 7. Usitegemee saa ya ukutani ikugongee saa sita kamili. Saa yetu ya Afrika Mashariki inafuata longitudo 45, na Dar iko karibu na 39, kwa hiyo mwezi Machi jua linafika kileleni hapo yapata saa sita na nusu. Weka alama ya ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano kuanzia saa sita mchana, kisha uchukue kilicho kifupi kuliko vyote.

Ukichora pembetatu hiyo kwa kipimo, kijiti sentimita 100 na kivuli sentimita 12, kipimapembe kinakupa karibu nyuzi 7 kwenye ncha ya kijiti. Usishangae ukikosa ile .8. Ukingo wa kivuli hauko wazi. Umefifia kwa upana unaokaribia sentimita moja, kwa sababu jua si nukta bali ni duara lenye upana wa nusu nyuzi angani, na miale inayotoka ukingo wake mmoja haiko sambamba kabisa na inayotoka ukingo wa pili. Pima hadi katikati ya sehemu iliyofifia, na ukubali kwamba nusu nyuzi ndiyo kosa ambalo mistari "sambamba" ya jua itakuachia, iwe umetumia mbadala au linganifu.